Majarini: ya ng'ombe au ya mimea?

"Wakuu, majarini tunayopaka kwenye mkate inatokana na mafuta ya wanyama au ya mimea? Na hiyo 'kuhaidrojenishwa' iliyoandikwa kwenye kopo ndiyo nini?"

Mkuu, nyingi za madukani siku hizi ni za mimea, hasa mawese. Lakini ilianzia kwa ng'ombe. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès aliitengeneza kwa mafuta ya ng'ombe na maziwa, wakati Napoleon III alipotaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Wilhelm Normann akapata njia ya kugandisha mafuta ya maji, na hapo mimea ikaanza kuchukua nafasi ya ng'ombe.

Nimefanya zamu kwenye mtambo wa kazi hiyo, ambayo ndiyo kuhaidrojenisha: kuyatia mafuta gesi ya haidrojeni. Mafuta kama ya alizeti hayagandi kwa sababu minyororo yake ya kaboni imepinda pale penye vifungo maradufu, yaani pale kaboni mbili zimeshikana mara mbili. Ni kama kuni zilizopinda, hazilaliani. Haidrojeni ikiingia kwenye kifungo hicho, mnyororo unanyooka, inapangana, mafuta yanaganda. Tunayapasha kwenye tangi lililofungwa hadi nyuzi 150 au zaidi, tunatia unga laini wa nikeli wa kuchochea, kisha gesi inapulizwa kutoka chini. Nikeli huyafanya meusi kama oili chafu ya gari; yakishachujwa yanatoka safi, na yakipoa yanaganda meupe.

Usiku mmoja tulichelewa kufunga gesi. Kazi hiyo yenyewe hutoa joto, kwa hiyo ikishika kasi haikungoji. Tulitaka mafuta yanayoyeyuka karibu na nyuzi 37, yaani joto la mwili, sisi tukapata 44. Niliweka kidogo ulimini: hayakuyeyuka, yakabaki kwenye kaakaa kama nta. Ilibidi tuyachanganye kidogo kidogo na mafuta laini ya siku zilizofuata.

Kinachonisumbua zaidi si ugumu. Ukisimamisha kazi katikati, baadhi ya vifungo maradufu hubaki, ila mnyororo unakuwa umenyooka. Hayo ndiyo mafuta ya transi, yanayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Kwa hiyo kwenye kopo tafuta maneno "kwa sehemu" baada ya kuhaidrojenishwa, na ukiyaona liache. Yakihaidrojenishwa hadi mwisho, transi karibu inaisha, lakini unapata kitu kigumu kama mshumaa ambacho lazima kichanganywe na mafuta laini. Viwanda vingi sasa vinatumia sehemu ya mawese inayoganda yenyewe, bila haidrojeni kabisa.

Kama swali lako ni la mtu asiyekula cha mnyama, usiishie kwenye neno "mimea" mbele ya kopo. Soma viungo: baadhi huwekwa maziwa au maji ya maziwa, vitamini D3 mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, na E471, kiungo cha kushikanisha mafuta na maji, inaweza kutoka kwa mnyama au mmea. Kuhusu hiyo E471, kopo likiwa halisemi chanzo, mpigie mtengenezaji umuulize.