Upotevu wa maji 25%: nikague vipi?

"Wakuu, mamlaka yetu ya maji imeripoti upotevu wa 25%. Mkaguzi wa ndani nitajuaje kama namba ni ya kweli?"

— Anzia kwenye pampu, ripoti baadaye. Uliza uniti za uzalishaji zinatoka wapi. Nilikokagua, dira kubwa ilikuwa imekufa, wakazidisha saa 20 kwa uniti 100 zilizoandikwa kwenye kibao cha pampu: 2,000 kwa siku, bili 1,500. Tukafunga dira ya kubebeka kwenye bomba. Pampu imechakaa, inatoa 90 kwa saa, yaani 1,800. Upotevu ukashuka hadi 17%, meneja akaanza kutabasamu. Tukaingia kwenye bili: uniti 300 zilikuwa makadirio ya dira mbovu. Dira hizo zilipobadilishwa, matumizi halisi yakawa 100. Basi bili halisi ni 1,300, upotevu 500 kati ya 1,800, karibu 28%. Makosa mawili yalikuwa yanafichana.

— Sisi wateja wote wanalipia kabla, shida hiyo hatuna.

— Kaka, uniti zilizonunuliwa mwezi huu si lazima zitumike mwezi huu. Chukua usomaji wa dira zenyewe, si mauzo. Zisizotuma usomaji bado zinanisumbua na mimi.