Faili la Access linaharibika kila tukilifungua wengi

Swali: Mtaalamu, ofisini tuko sita na sote tunafungua faili moja la Access lililo kwenye folda ya seva. Kila baada ya muda linagoma na kuandika "Unrecognized database format". Tulirudishe vipi, na kwa nini linaharibika?

Jibu: Kwanza wote watoke. Angalia kwenye folda hiyo: kando ya faili lenu kuna jingine dogo lenye jina lilelile, linaloishia na `.laccdb`. Likiendelea kuwepo, jaribu kulifuta. Likikataa, ujue kuna mtu bado amefungua, mara nyingi yule aliyeenda kula akaacha kompyuta inawaka.

Kisha nakili faili kwenye diski ya kompyuta yako, ufanyie kazi nakala hiyo tu. Usilitengeneze likiwa kwenye seva, maana mtandao ukikatika katikati utaongeza jeraha. Fungua Access bila faili lolote, nenda Database Tools, bonyeza Compact and Repair Database, chagua nakala yako na uihifadhi kwa jina jipya. Ikimaliza, tafuta jedwali liitwalo `MSysCompactErrors`. Likiwepo, lisome, kwa sababu hapo Access hueleza ilichoshindwa kukiokoa.

Ikishindikana, tengeneza faili tupu na uingize majedwali moja moja kupitia External Data. Niliwahi kufanya hivyo kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo: majedwali yote yalikuja isipokuwa la malipo. Nilipojaribu kulifungua likakwama kwenye safu mlalo yenye ID 4118, sehemu zake zikionyesha `#Deleted`. Nikatengeneza jedwali jipya lenye muundo uleule bila data, nikaivusha data kwa kuiruka safu hiyo:

```
INSERT INTO MalipoMapya
SELECT * FROM Malipo
WHERE ID < 4118;
```

Halafu nikarudia kwa `ID > 4118`. Malipo yaliyopotea yalikuwa moja tu, tukayaandika upya kutoka kwenye stakabadhi. Baada ya hapo hakikisha ufunguo mkuu wa kila jedwali na mahusiano yake bado yapo.

Sababu yenyewe ni hii: hakuna programu ya seva inayowaandikia. Kila kompyuta inaandika yenyewe ndani ya faili kupitia mtandao, na mmoja akikatika katikati ya kuandika, ukurasa unabaki nusu. Mwenye laptopu ya waifai ndiye mshukiwa wangu wa kwanza, mpeni kebo.

Pia ligaweni faili: Database Tools, Access Database, ndani ya Move Data. Majedwali yabaki kwenye seva, fomu na ripoti kila mtu awe na nakala yake kwenye kompyuta yake. Mnapoulizwa mahali pa kuhifadhi, andikeni njia ya mtandao kama `\\seva\data`, siyo `Z:`, kwa kuwa herufi hiyo huenda isiwe sawa kwa wote sita.