Kadi nne, ugeuze zipi? Maswali yenu

Kadi A, K, 4 na 7, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: kukiwa na irabu, nyuma kuna namba shufwa. Nilitakiwa kugeuza zile tu za lazima ili kujua kama kanuni ni ya kweli. Nikageuza A na 4, naambiwa nimekosa. Kivipi?

A uko sawa, tatizo ni hiyo 4. Haya igeuze, ukute E nyuma, kanuni iko salama. Ukute B je? Bado iko salama, maana hakuna aliyesema konsonanti isikae na shufwa. Sasa hiyo kadi ukiigeuza itakwambia nini, kama majibu yote mawili yanaiacha kanuni ilivyo? Uliyoiruka ni 7, ile ukiigeuza ukakuta U basi kanuni imekufa hapohapo. Kwa hiyo ni A na 7. Usijisikie vibaya lakini, huu mtego kautega Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, miaka ya 1960, na kwa kadi za herufi na namba hivi wanaopata kwa kawaida hawafiki hata mmoja kati ya kumi, wasomi wa chuo wakiwemo.

Na K?

Iache. Kanuni haijasema chochote kuhusu konsonanti.

Mbona ile chemsha bongo ya bia, nayo ya kadi nne, nimepata fasta na mimi hesabu sifuri?

Ni ya wanasaikolojia Griggs na Cox, Florida, 1982. Wewe ni polisi, kila kadi ni mtu, upande mmoja kinywaji chake na wa pili umri wake, kadi zinasema bia, koka, miaka 22, miaka 16, na sheria ni kwamba anayekunywa bia lazima awe amevuka 19. Hapo hata hufikirii, unaenda kwa mnywa bia kumuuliza umri halafu unaenda kwa wa 16 kuchungulia glasi yake, huyo mzee wa 22 anywe anachotaka shauri yake. Kwao watu 29 kati ya 40 walipata. Angalia sasa, huyo wa 16 ndo ile 7 yako, na wa 22 ndo 4. Hesabu ni ileile, ila kwenye bia tayari unamtafuta mvunja sheria, wakati kwenye herufi ulikuwa unatafuta kadi zinazokubaliana na kanuni. Mwanasaikolojia Leda Cosmides anadai akili yetu ina kipaji maalumu cha kunusa watu wanaodanganya, wenzake wengine wanabisha, mi naona ubishi wao bado mbichi.

Nimewapa washkaji kanuni hii: kadi ikiwa na A, nyuma yake hakuna 4. Wote wamepatia! Wao wakali au?

Walichagua A na 4 eeh? Safari hii ndo jibu lenyewe, maana 4 ikiwa na A nyuma inaivunja kanuni. Ila mwanasaikolojia Jonathan Evans alishaonyesha watu wanapenda kushika kadi zilizotajwa kwenye sentensi, basi, iwe na "hakuna" au isiwe nayo. Warudishie kanuni bila hiyo "hakuna", wakishika tena A na 4 ujue walibahatisha.