Maswali na majibu: Kabla ya kukimbilia jumla isiyo na mwisho, andika S_n

Maswali ya safari hii nimeyachagua kwa makusudi, kwa sababu karibu yote yana ugonjwa mmoja: muulizaji karukia jumla isiyo na mwisho kabla hajaandika jumla ya mwanzo. Nikisema "kipande" nina maana ya kila namba inayojumlishwa, na S_n ni jumla ya vipande n vya kwanza. Mengine mnayajua.

Mwalimu, 1/(1×2) + 1/(2×3) + 1/(3×4) na kuendelea bila mwisho, jibu ni 1?

Ndiyo, kwa kuwa S_n = 1 − 1/(n+1), na hicho cha mwisho kinakwisha kadiri n inavyokua. Ukizidisha kila kipande kwa 2 unapata 1 + 1/3 + 1/6 + 1/10 na kuendelea, jumla ambayo Huygens alimpa Leibniz aitafute mjini Paris mwaka 1672. Leibniz alipata 2, na njia yake ilikuwa hii hii ya kufutana.

Shikamoo mwalimu. Nimejumlisha 1/(k(k+2)) kuanzia k = 1 bila mwisho. Nimepasua sehemu, zikafutana, nikabaki na 1/2. Kitabu kinasema 3/4. Nani kakosea?

Marahaba. Umekosea wewe, ila kupasua umepasua vizuri. Kosa limeingia wakati wa kufuta.

Kipande chako ni 1/(k(k+2)) = (1/2)(1/k − 1/(k+2)). Weka hiyo 1/2 pembeni, kisha andika mabano yenyewe, moja chini ya jingine, bila uvivu:

```
k = 1:   1/1 − 1/3
k = 2:   1/2 − 1/4
k = 3:   1/3 − 1/5
k = 4:   1/4 − 1/6
...
k = n−1: 1/(n−1) − 1/(n+1)
k = n:   1/n − 1/(n+2)
```

Tazama −1/3 ya mstari wa kwanza. Haifutwi na mstari wa pili. Inasubiri mpaka wa tatu. Vivyo hivyo −1/4 ya mstari wa pili inafutwa na wa nne. Kufutana huku kunaruka mstari mmoja, kwa hiyo juu zinabaki namba mbili zisizo na wa kuzifuta, yaani 1 na 1/2, na chini pia zinabaki mbili, −1/(n+1) na −1/(n+2). Wewe ulibakisha 1 peke yake huko juu, ukaizidisha kwa 1/2, ukapata nusu. Hii 1/2 ya mstari wa pili ndiyo uliyoifuta bila haki.

Jumla ya kweli ni hii:

S_n = (1/2)(1 + 1/2 − 1/(n+1) − 1/(n+2))

Mkia unakwisha, kinabaki (1/2)(3/2) = 3/4.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Kosa lako ungeweza kulinasa mwenyewe kwa dakika moja. Vipande vitatu vya kwanza ni 1/3 + 1/8 + 1/15, yaani 21/40, ambayo ni 0.525. Vipande vyote ni chanya, na vitatu tu tayari vimeshapita nusu yako. Jumla yote itarudije nyuma? Kila mara ukipata S_n, iweke n = 1, halafu n = 2, uone kama inatoa namba zile zile unazozipata kwa mkono. Hapa n = 1 inatoa (1/2)(3/2 − 1/2 − 1/3) = 1/3, sawa kabisa na kipande cha kwanza. Asiyefanya ukaguzi huu asinitumie swali la "nani kakosea".

Kwa huo huo 1/(k(k+2)), kikokotoo kimenipa 0.740 baada ya vipande 100. Niandike 0.74?

Usiandike. Umeombwa jumla kamili, na jumla kamili ni 3/4. S_n iliyo hapo juu inakuonyesha umebakiza kiasi gani: mkia ni (1/2)(1/(n+1) + 1/(n+2)), ambao ni karibu sawa na 1/n, kwa hiyo vipande 100 bado vina pengo la karibu 0.01. Ukitaka pengo lishuke chini ya 0.0001, itabidi ujumlishe vipande karibu 10,000. Linganisha na 1/2 + 1/4 + 1/8 na kuendelea: pengo lake ni 1/2^n, na vipande 14 vinatosha. Tarakimu zinazoonekana kutulia kwenye kioo cha kikokotoo si ushahidi wa kikomo, maana mfululizo wenye mkia mzito hutulia machoni ukiwa bado mbali.

Mwalimu, ln(1 + 1/k) ni ln(k+1) − ln k, kwa hiyo kila kitu kinafutana na kinabaki −ln 1, yaani 0. Lakini rafiki yangu anasema haina jumla.

Rafiki yako yuko sahihi, nawe umeangukia mtego ninaoupigia kelele kila siku. Umesema "kila kitu kinafutana". Hakuna mfululizo ambao kila kitu kinafutana. Daima kuna kichwa na kuna mkia, na wewe umeukata mkia bila kuuangalia.

Andika S_n:

S_n = (ln 2 − ln 1) + (ln 3 − ln 2) + … + (ln(n+1) − ln n) = ln(n+1) − ln 1 = ln(n+1)

Mkia hapa ni ln(n+1), nao hauendi kwenye sifuri. Unakua bila mwisho, hivyo jumla haina kikomo. Na sifuri yako ilipaswa kukushtua yenyewe: ln(1 + 1/k) ni chanya kwa kila k, na namba chanya zikijumlishwa haziwezi kutoa sifuri.

Najua kilichokudanganya. Vipande vyenyewe vinakwenda kwenye sifuri, na ukuaji wa jumla ni wa kinyonga. Ili S_n ipite 10 tu unahitaji vipande 22,026. Mtu akiangalia vipande mia vya kwanza ataapa kwamba jumla inatulia. Kipande kwenda sifuri ni sharti la lazima, ila halitoshi. Kinachoamua ni mkia wa S_n: ukikaribia namba fulani, jumla ipo. Usipokaribia namba yoyote, jumla haipo, hata kama kufutana kulikuwa kuzuri namna gani.

Hivi kweli 0.999… ni sawasawa na 1, au ni karibu tu?

Ni sawasawa. Jumla ya tarakimu n za kwanza ni 1 − 1/10^n, na 0.999… ni jina la kikomo chake, ambacho ni 1. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Anayetaka kubishana aniambie kwanza ni namba gani iliyoko kati ya hizo mbili.

Mwalimu naomba unisahihishe: jumla ya 3(2/5)^k kuanzia k = 2 ni 3/(1 − 2/5) = 5. Na je, kanuni hiyo inatumika r ikiwa 3/2? Nilipata −2 kwa 1 + 3/2 + 9/4 na kuendelea.

Makosa yako mawili yana mzizi mmoja: umeikariri a/(1 − r) bila kujua inatoka wapi. Hebu tuitoe.

S_n = a + ar + ar² + … + ar^(n−1). Zidisha yote kwa r: inakuwa ar + ar² + … + ar^n. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Vya katikati vyote vinafutana, vinabaki a kichwani na ar^n mkiani. Yaani (1 − r)S_n = a − ar^n. Kwa hiyo jiometri nayo ni kufutana kule kule, na ndiyo maana nimeyaweka maswali haya pamoja.

Sasa a ni nini? Ni kipande cha kwanza *unachokijumlisha*, hata kama namba iliyosimama mbele ya kipeo ni nyingine. Kuanzia k = 2, kipande cha kwanza ni 3 × 4/25 = 12/25. Gawanya kwa 3/5, unapata 4/5. Kagua: vipande ulivyoruka ni 3 na 6/5, jumla yake 21/5, na 5 − 21/5 ni 4/5. Kila ukiona mfululizo, andika kipande cha kwanza kwa namba kabla hujagusa kanuni.

Kuhusu −2: namba chanya tupu zimekupa jumla hasi, nawe ukaendelea na safari! Mkia ar^n unakwisha pale tu r ikiwa kati ya −1 na 1. Kwa r = 3/2, S_n = 2((3/2)^n − 1), ambayo inapanda bila mwisho. S_n hiyo ni halali na itumie ukiulizwa vipande vichache: n = 3 inatoa 19/4, sawa na 1 + 3/2 + 9/4. Kisichokuwepo ni jumla isiyo na mwisho. Na r ikiwa −1 mkia haukui wala haukwishi: S_n inarukaruka kati ya a na 0, kwa hiyo hapo pia hakuna jumla.

1/2 + 2/4 + 3/8 + 4/16 na kuendelea ni jiometri?

Si jiometri, maana uwiano wa kipande kwa kilichotangulia unabadilika: kwanza ni 1, halafu 3/4. Lakini ujanja ule ule unafanya kazi. Zidisha S_n kwa 1/2, sogeza hatua moja, kisha toa. Safari hii vya katikati havifutani kabisa, kila kimoja kinapunguzwa:

S_n − S_n/2 = 1/2 + 1/4 + 1/8 + … + 1/2^n − n/2^(n+1)

Upande wa kulia sasa ni jiometri safi ambayo jumla yake ni 1 − 1/2^n, ukitoa mkia mmoja. Zidisha kwa 2:

S_n = 2 − (n+2)/2^n

Mkiani kuna n+2 juu na 2^n chini. 2^n inakua haraka kuliko n, mkia unakwisha, jumla ni 2. Wengi husahau ule n/2^(n+1) kwa sababu "unakwenda sifuri hata hivyo". Kwa jumla isiyo na mwisho utaponea, ila ukiulizwa S_3 utaandika 2 − 2/8 = 14/8, wakati 1/2 + 1/2 + 3/8 ni 11/8.