Gusa bikoni za zamani kabla hujasimika mpya

Siku ya kwanza kuachiwa rova, ile antena ya setilaiti inayobebwa kwenye fimbo kupimia pointi, ilikuwa Buswelu, Mwanza, kwenye shamba lililokuwa linakatwa viwanja 14. Besi, antena mwenzake inayokaa mahali pamoja, tuliisimamisha juu ya jabali tambarare, mbingu wazi pande zote. Kontrola, kile kikompyuta cha mkononi, ilipouliza koodineti za besi nikabonyeza `Here`, kwa sababu kitufe kilikuwa mbele yangu na mashine ilikubali bila swali. Dakika haikuisha, rova ikaandika `Fixed` na chini yake 0.012. Nikaamini nina mipaka ya sentimita moja mkononi. Tukatoa pointi, tukapigilia nondo, tukakagua kwa tepu kati ya nondo na nondo: palipotakiwa mita 25 tulipata 25 na chembe, palipotakiwa 30 tulipata 30 na chembe.

Saa 8 mchana akaja mzee wa shamba la jirani. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akatuongoza hadi katikati ya maharage yake, akafukua udongo kwa jembe na kutuonyesha bikoni, jiwe la zege la mpaka lenye nondo katikati. "Wanangu, jiwe la serikali ni hili. Hiyo nondo yenu imeingia kwangu." Nikaweka fimbo juu ya jiwe lake. Ramani ya upimaji ilikuwa na koodineti zake, na rova ilinipa kitu kingine: mashariki imezidi kwa mita 1.27, kaskazini imepungua kwa 0.93. Ukizipigia hesabu ya pembetatu mraba, ni mita 1.57. Viwanja vyote 14 vilikuwa vimehama pamoja, vikiwa na umbo zuri kabisa, hadi ndani ya maharage ya watu.

Ninyi mnaoanza, nataka mwelewe kwa nini mashine haikusema uongo siku ile. RTK, yaani upimaji huu wa besi na rova, haipimi mahali ulipo duniani. Inapima umbali na mwelekeo kutoka besi hadi rova. Besi na rova zinasikiliza setilaiti zilezile kwa wakati uleule, na makosa ya mawimbi yanapopita angani yanazipata zote mbili karibu sawasawa. Besi inatuma vipimo vyake kwa redio au kwa intaneti ya simu, rova inalinganisha na vya kwake, na makosa ya pamoja yanafutana. Kinachobaki ni mstari kati ya mashine mbili, wenye usahihi wa takriban milimita 8 na nyongeza ya milimita 1 kwa kila kilomita. Ile 0.012 niliyoiona ilihusu mstari huo tu. Mwanzo wa mstari ulikuwa `Here`, yaani makadirio ya mashine moja isiyosaidiwa na mwenzake, na makadirio hayo hukosea mita moja, mbili, hata zaidi. Besi ikiambiwa uongo, rova inaurithi kwa sentimita kamili.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu. Kabla ya kwenda eneo la kazi natafuta ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ya eneo hilo au la jirani yake, naandika koodineti za bikoni tatu au nne zinazolizunguka, na nasoma ziko kwenye mfumo gani. Ramani nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960, wakati mashine inafikiri kwa WGS 84. Ukichanganya hiyo miwili utatupwa takriban mita 300, na kosa kubwa namna hiyo ni la heri kwa sababu utaliona palepale. Linalodhuru ni kosa la mita moja na nusu, kwa sababu linafanana na ukweli.

Nikifika, kama kuna bikoni ninayoiamini na yenye anga wazi, besi naisimamisha juu yake na kuandika koodineti zake kwa mkono, kisha namwomba mwenzangu azisome kwa sauti tulinganishe. Kama hakuna, naiweka popote penye usalama, naanza na `Here`, lakini sitoi pointi hata moja. Kwanza nazungukia bikoni za zamani na kuziandika. Buswelu, baada ya lile jiwe la mzee, tulitafuta mengine mawili. La pili lilitupa mashariki zaidi kwa 1.24, kaskazini pungufu kwa 0.95. La tatu likatoa mashariki zaidi kwa 1.68, kaskazini pungufu kwa 0.70.

Angalia namba hizo kwa utulivu. Jiwe la kwanza na la pili zinapishana kwa sentimita 3 na 2 tu, maana yake zinasimulia kosa lilelile: besi imesogezwa mita moja na robo kwenda mashariki na karibu mita moja kwenda kusini. La tatu linasema lake. Tulipolichimbua tukakuta zege limeinama, upande mmoja maji ya mvua yamekula udongo. Jiwe lile lilikuwa limehama, hatukulitumia. Tukachukua wastani wa mawili ya kwanza, tukaisahihisha besi kwa kupunguza 1.255 mashariki na kuongeza 0.94 kaskazini, tukaenda kukagua kwa jiwe la nne lililokuwa mbali kidogo, karibu na barabara. Lilitupa tofauti ya sentimita 4. Kwa jiwe lililosimikwa enzi za minyororo na theodolaiti, nililipokea kwa shukrani. Nondo zote za viwanja 14 tukazing'oa na kuanza upya.

Programu za kontrola zina njia ya kulinganisha bikoni na ramani zenyewe, unaingiza pointi na inakokotoa. Itumie, lakini usiipe bikoni mbili tu. Ukiipa mbili na mojawapo imehama, itazungusha na kuvuta kazi nzima ili ziingie, na mabaki, yaani tofauti inayosalia kwa kila bikoni, yatasomeka sifuri. Kwa tatu, mabaki yatakuambia kwamba kuna jiwe baya; kwa nne, kwa kawaida jiwe hilo litajionyesha kwa mabaki makubwa kuliko wenzake.

Kuna jambo la hapa kwetu linalowatisha wageni wa kazi: tepu na rova kutokukubaliana. Mwanza imekaa karibu kabisa na longitudo 33, mstari wa kati wa kanda ya UTM 36 kusini. Kwenye mstari huo ramani hufinyangwa kwa kipimo cha 0.9996, yaani mita 100 za ardhini zinakuwa pungufu kwa sentimita 4 kwenye koodineti. Tena ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unaongeza karibu sentimita 2 nyingine. Kwa hiyo pointi mbili zenye mita 100 kwenye koodineti zitasoma mita 100.06 hivi kwa tepu iliyonyooshwa sawa. Kwenye upande wa kiwanja wa mita 30 ni sentimita 1.7 au 1.8, ndiyo ile chembe tuliyoiona. Kwenye mstari wa mtaa wa mita 300 ni sentimita 17. Nimeona kijana akisogeza nondo za mwisho wa mtaa ili tepu yake ifurahi, akavuruga kazi iliyokuwa sahihi. Ukipata ziada inayokua kwa uwiano huo, iache. Ukipata ziada isiyofuata uwiano, au pungufu, hapo tafuta kosa.

Kosa la pili linalostahili muda wenu ni `Fixed` ya uongo. Rova ikishaanza kupokea masahihisho hupitia `Float`, ambapo bado inabahatisha kwa desimita kadhaa, kisha inaamua ni mawimbi mangapi mazima yaliyomo kati yake na kila setilaiti. Wimbi la kwanza la GPS lina urefu wa sentimita 19. Ikikosea hesabu hiyo, inaandika `Fixed` kwa ujasiri wote na pointi iko pembeni. Mwanza ina kila kinachoisukuma kukosea: majabali marefu kuliko nyumba, mapaa ya mabati, miembe, na kando ya ziwa uso wa maji unaorudisha mawimbi ya setilaiti za chini. Yote hayo yanailetea antena wimbi lililogonga kitu kwanza na kuchelewa.

Bwiru, kwenye pembe ya kiwanja iliyobanwa kati ya jabali na mwembe, rova ilinipa `Fixed` na 0.015. Sikupigilia. Niliizima antena ipoteze setilaiti zote, nikaiwasha, nikasubiri ikamate upya: safari hii pointi ilikuwa sentimita 23 upande wa jabali. Mbili hazikubaliani, na huwezi kujua ipi ni kweli, pengine zote si kweli. Tulitoka hadi penye wazi, tukaweka pointi mbili za muda, kila moja tukaipima mara mbili kwa kuachanisha nusu saa ili setilaiti zibadilike mkao, zikakubaliana ndani ya sentimita 1. Kutoka hapo tukakokotoa umbali hadi pembe: 14.62 na 11.08. Tepu mbili, watu wawili wameshika mwanzo, wa tatu anazikutanisha chini ya mwembe. Pembe ikapatikana bila rova kusimama pale kabisa.

Mchana pia una tabia zake. Tuko karibu na ikweta, na tabaka la juu la anga lenye chaji hunenepa kuanzia saa 8 hadi saa 10 alasiri. Rova ikianza kung'ang'ania `Float` muda huo hata penye wazi, sogeza besi karibu au fanya kazi ya zege, kisha upime pembe ngumu kesho asubuhi. Na usisahau kipovu cha pimamaji kwenye fimbo: fimbo ya mita 2 ikiinama nyuzi moja tu, ncha na antena zinapishana sentimita 3.5, na hakuna masahihisho ya redio yanayolijua hilo.

Zege likishamwagwa, rudisha fimbo juu ya nondo na upime tena, maana mchanganyiko mzito huisukuma, na nimeikuta imehama sentimita 2 hadi 3 zege likiwa bado bichi, nondo ikiweza kunyooshwa. Baada ya nondo ya mwisho besi isizimwe kwanza. Siku ile Buswelu tulirudi kwenye jiwe la mzee saa 11 jioni, tukasimamisha fimbo katikati ya maharage, tukapata tofauti ya sentimita 1.4 na kipimo cha mchana kikishasahihishwa. Tripodi haikuwa imezama wala kuguswa na ng'ombe. Ndipo nikampungia mkono mwenzangu juu ya jabali azime.