Kurisiti Hisabati: tafuta hatua iliyokula maksi, usiishie kwenye jina la mada

"Nimepata F ya Hisabati kidato cha nne, narisiti mwaka huu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Niko dukani mpaka saa 12 jioni, kitabu kizima sitakimaliza. Nataka nisome zile mada zilizoniangusha tu, ila matokeo yameandika F basi. Nitazijuaje?"

Mdogo wangu, mimi nilirisiti somo hilo hilo huku nafanya kazi, na nilianza vibaya. Miezi miwili ya kwanza nilisoma mada nilizokuwa nazihofia, nikidhani ndizo zilizoniangusha. Kumbe hofu na maksi zilizopotea havikuwa sehemu moja.

NECTA inakupa daraja, karatasi uliyoandika huioni tena. Kwa hiyo ushahidi utautengeneza mwenyewe. Kabla hujafungua daftari lolote, tafuta karatasi ya maswali ile ile uliyoifanya. Jumapili moja ukae nayo kwa muda wa saa 3 kamili, na kitabu cha majedwali tu, bila kumuuliza mtu. Usijiandae hata kidogo, maana ukijiandaa utaficha ugonjwa unaotaka kuupima. Ukimaliza mpelekee mwalimu wa hesabu yeyote akusahihishie kwa hatua, na aandike pembeni kila maksi ilipodondokea. Usijisahihishie mwenyewe. Mimi nilijaribu nikajipa maksi 34, mwalimu alipopitia zikabaki 26.

Karatasi niliyofanya ilikuwa na sehemu A ya maswali 10 yenye maksi 6 kila moja, na sehemu B ya maswali 4 yenye maksi 10 kila moja, yote ya lazima. Hakikisha fomati ya mwaka wako bado ni hiyo. Nilipata 20 kwenye A na 6 kwenye B, yaani 74 zimepotea. Hizo 74 nikazipanga kwenye mafungu matatu: maswali nisiyojua hata pa kuanzia, maksi 38, maswali niliyojua njia nikakosea katikati, 27, na nisiyoyafikia kwa sababu ya muda, 9. C inaanzia 45. Maana yake fungu la pili peke yake lilitosha kunivusha, na mimi kwa miezi miwili nilikuwa nahangaika na la kwanza.

Hilo fungu la pili ndilo nataka ulitazame kwa makini, kwa sababu jina la mada linadanganya. Swali la matriki lilinitaka nitafute ditaminanti ya matriki yenye 3 na −2 juu, 4 na 1 chini. Nikaandika 3 − 8 = −5, wakati ni 3 − (−8) = 11. Kuanzia hapo kinyume cha matriki kikaharibika na swali zima likaenda. Ningeandika "matriki" kwenye ratiba, ningerudia mada nzima ambayo naijua. Tatizo lilikuwa kutoa namba hasi, hesabu ya kidato cha kwanza. Nilipofuatilia alama nyekundu za mwalimu, kosa hilo hilo la hasi lilikuwa pia kwenye mlinganyo wa kwadratiki na kwenye mteremko wa mstari. Maksi 11 kwenye maswali matatu, chanzo kimoja. Nilikaa na namba hasi jioni nne tu.

Kuna makosa mengine hujificha kwa sababu jibu linakaribia kuwa sahihi. Kwenye dunia kama tufe niliulizwa umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja. Chukua Tabora (5°S, 33°E) na Tanga (5°S, 39°E), tofauti ya longitudo ni 6°. Mimi nilifanya hivi:

`6/360 × 2 × 3.14 × 6400 = 670 km` (kwa kukadiria)

Nimesahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo. Njia sahihi ni:

`6/360 × 2 × 3.14 × 6400 × cos 5° = 667 km`

Ukiziona 670 na 667 utasema ni mambo ya kukadiria desimali, upite. Msahihishaji anaona fomula siyo. Ili kosa lijitokeze, badilisha namba: weka miji hiyo kwenye latitudo 60°, ambapo kosaini ni 0.5, na jibu sahihi linakuwa nusu ya lile lako. Tangu siku hiyo kila nilipokosea kwa tofauti ndogo nilibadilisha namba nikarudia. Kwenye takwimu nikagundua la aina hiyo: kwa mediani ya data zilizo kwenye makundi, kundi la 40–49 nilikuwa naanzia 40 badala ya 39.5.

Sasa ratiba yako. Daftari la mistari, kila ukurasa hatua moja iliyokula maksi. Usiandike "takwimu", andika "mpaka wa chini wa kundi kwenye mediani". Zipange kwa maksi ilizokugharimu, kubwa juu. Jioni ya kwanza rudia swali ulilokosa kitabu kikiwa wazi mpaka uelewe kwa nini. Jioni ya pili na ya tatu fanya maswali ya aina hiyo kutoka mitihani ya miaka mingine, mawili kila jioni. Saa moja na nusu inatosha. Kisha liache. Baada ya siku kama saba fanya swali jingine kitabu kikiwa kimefungwa, ukitazama saa. Dakika 180 kwa maksi 100 ni kama dakika 11 kwa swali la maksi 6 na dakika 18 kwa la maksi 10. Ukurasa unafutwa ukipata maswali mawili ya miaka tofauti ndani ya muda huo, si pale unapohisi umeelewa. Mimi kurasa tatu nilizifuta mapema, zikanirudia mwezi wa nane.

Kila wiki ya tatu fanya karatasi nzima. Mada ulizozipata mwanzo nazo huoza zikiachwa. Mimi seti nilizipata zote mara ya kwanza, na mwezi wa saba nikazikosa.

Tovuti ya NECTA ina ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zisome baada ya kusahihishiwa, siyo kabla. Zinaonyesha walipokosea wengi na jibu zuri linavyoandikwa, lakini hawakuwa wewe.

Na ukikuta fungu la "sijui pa kuanzia" limemeza karibu maksi zote, njia hii haitakufaa hivi ilivyo. Hapo hakuna hatua ya kurekebisha, kuna msingi wa kujenga, na ni heri jioni zako za mwanzo ziende kwenye sehemu, asilimia na aljebra ya vidato viwili vya chini.

Mimi mpaka mwezi wa kumi kurasa mbili zilikuwa hazijafutwa: pembe kwenye maumbo ya pande tatu, na kutafuta eneo la suluhisho kwa mistari. Sikukimbizana nazo. Nilijifunza kuchora umbo na kuandika pembe husika, na kwa ile nyingine kuandika mahitaji ya swali kama milinganyo isiyo sawa, nikaishia hapo. Hatua hizo za mwanzo nazo zina maksi zake. Niliingia nikijua nitaziacha katikati, nikazifanya mwisho, na D ya kuogopa ikawa C.