Sweta ya sare imekuwa kama karatasi

"Nimegeuza sweta ya mwanafunzi kutoka bluu iliyoiva kuwa kijani kwa GIMP, lakini inaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Nakosea wapi?"

Rangi yako imefunika mikunjo, ndugu. Nakili sweta peke yake kwenye tabaka jipya, iondoe rangi kwa Desaturate, kisha ing'arishe kwa Curves mpaka iwe kijivu chepesi na mikunjo ionekane. Juu yake weka tabaka la kijani lenye umbo la sweta tu, hali yake iwe Multiply.

Usiruke Curves. Multiply hutia giza tu, kwa hiyo juu ya bluu iliyoiva kijani kitatoka karibu cheusi. Ukiona chengachenga baada ya kung'arisha, huenda picha ilipigwa penye mwanga hafifu. Heri upige nyingine, avae sweta ya kijivu.

Na mzazi wa mwanafunzi anajua unatumia picha yake? Mimi hukata picha kuanzia kidevuni, uso usionekane.